Hewa tulivu yenye kasi kuliko sauti

Chukua mchana wa Dar es Salaam usio na upepo, nyuzijoto 30 za Selsiasi, makuti ya minazi hayatikisiki. Tunasema hewa imetulia. Lakini molekuli za hewa hiyohiyo zinakimbia kwa kasi ya kiasi cha mita 511 kwa sekunde, yaani kama kilomita 1,840 kwa saa. Ni mara mbili ya mwendo wa ndege ya abiria ikiwa juu ya mawingu, na ni haraka kuliko sauti yenyewe.

Hatuhisi mbio hizo kwa sababu hazina uelekeo mmoja. Zinazokwenda kaskazini ni nyingi sawa na zinazokwenda kusini, na zinazopanda ni sawa na zinazoshuka, kwa hiyo zinafutana. Upepo ni ile tofauti ndogo inayobaki pale ambapo kundi zima limeelemea upande mmoja. Hata upepo wa kung'oa mabati ni nyongeza ndogo tu juu ya mbio ambazo molekuli zilikuwa nazo tangu mwanzo.

Jambo ambalo mimi huliona la ajabu zaidi ni kwamba kasi hiyo haihitaji darubini wala maabara ya gharama. Mtu anaweza kuipata kwa namba mbili tu: mgandamizo wa hewa na uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa. Hahitaji kujua molekuli ina ukubwa gani, wala ziko ngapi. Tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake ndimo umejificha mraba unaowasumbua wanafunzi wengi.

Fikiria sanduku lenye molekuli moja tu inayokwenda na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kila ikigonga ukuta, inausukuma kidogo kisha inarudi ilikotoka. Sasa iongezee kasi mara mbili. Kwanza, kila pigo linakuwa na nguvu mara mbili. Pili, kwa kuwa inamaliza safari ya kwenda na kurudi kwa nusu ya muda, inagonga mara mbili zaidi. Mapigo mazito mara mbili, tena yanayokuja mara mbili zaidi, yanafanya ukuta usukumwe mara nne. Ukiongeza kasi mara tatu, msukumo unakuwa mara tisa. Ndiyo maana mgandamizo wa gesi haufuati kasi bali unafuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, yaani mraba wa kasi. Hakuna aliyeuweka mraba huo kwa kupenda hesabu ngumu. Umekuja wenyewe, kwa sababu kasi inafanya kazi mara mbili: katika uzito wa pigo na katika wingi wa mapigo.

Katika gesi halisi molekuli haziendi upande mmoja tu. Zina pande tatu za kwendea, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, na hakuna upande unaopendelewa. Kwa hiyo ukuta wowote unapata theluthi moja tu ya mraba huo. Hapo fomula imekamilika: mgandamizo ni sawa na theluthi ya uzito wa gesi kwa kila mita ya ujazo, ukizidishwa kwa wastani wa mraba wa kasi.

Tuijaribu kwa mchana wetu. Usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni takriban paskali 101,325. Hewa kavu katika nyuzijoto 30 ina uzito wa kilo 1.165 kwa kila mita ya ujazo. Wanaodhani hewa haina uzito na wakumbuke kwamba chumba cha kawaida cha kulala kina kilo thelathini au zaidi za hewa. Zidisha 101,325 kwa 3, gawanya kwa 1.165, unapata karibu 261,000. Huo ni wastani wa mraba wa kasi. Tafuta kipeuo chake cha pili, nayo ni 511. Hewa ya Dar es Salaam haiwi kavu hivyo, lakini mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa, kwa hiyo unyevu ungeiongeza namba hii kidogo tu.

Hiyo 511 si wastani wa kawaida wa kasi, na hapa inafaa tupunguze mwendo kidogo. Tuseme tuna molekuli tano tu, zenye kasi za mita 200, 400, 500, 600 na 800 kwa sekunde. Wastani wa kawaida ni 500. Lakini ukuta, kama tulivyoona, haujali kasi, unajali mraba wake. Miraba ya namba hizo ni 40,000, 160,000, 250,000, 360,000 na 640,000. Jumla yake ni 1,450,000, na wastani ni 290,000. Kipeuo cha pili cha 290,000 ni kama 539, si 500. Molekuli moja ya mita 800 imeuvuta wastani juu, kwa sababu katika mraba wenye mbio huhesabiwa zaidi kuliko wazembe. Hii 539 ndiyo wanafizikia wanayoiita kipeuo cha wastani wa miraba ya kasi. Ni ile kasi moja ambayo, kama molekuli zote tano zingekuwa nayo, ukuta usingejua kwamba kuna kilichobadilika.

Anayetumia wastani wa kawaida badala ya huu atapata mraba wa 250,000 badala ya 290,000, na atakuwa amepunguza mgandamizo kwa karibu asilimia 14. Kwa gesi halisi kosa hilo ni kubwa kidogo, kama asilimia 15, kwa kuwa kasi za molekuli zimetawanyika kwa namna inayojulikana tangu James Clerk Maxwell alipoieleza mwaka 1859: nyingi ziko katikati, chache ni za polepole sana, na nyingine chache zina mbio kupita kiasi. Hizi za mwisho zina kisa chao, tutakifikia.

Mpaka hapa sijasema lolote kuhusu joto. Lakini kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli na kuliacha juani anajua kwamba gesi iliyofungiwa ikipashwa moto mgandamizo wake unapanda. Kama mgandamizo unafuata mraba wa kasi, na pia unafuata joto, basi mraba wa kasi na joto vinakwenda pamoja. Na kwa kuwa nishati ya kitu kinachotembea ni nusu ya uzito wake ukizidishwa kwa mraba wa kasi, tunafika kwenye kiini cha nadharia nzima: joto la gesi ni kipimo cha wastani wa nishati mwendo ya molekuli zake. Fomula yenyewe ni fupi, nishati ya wastani = (3/2)kT, ambapo k ni namba ya Boltzmann, 1.38 × 10⁻²³, na T ni joto kwa vipimo vya Kelvini.

Angalia kilichokosekana humo. Hakuna uzito wa molekuli wala jina la gesi. Katika nyuzijoto 30, ambazo ni Kelvini 303, kila molekuli ya oksijeni, ya naitrojeni, ya kabonidayoksaidi au ya heli ina wastani uleule wa nishati ya kutembea, jouli 6.3 × 10⁻²¹. Ni nishati ndogo mno, lakini molekuli ni nyingi. Jumlisha za mita moja ya ujazo ya hewa na utapata kama jouli 152,000, ambazo zingetosha kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzijoto 36, kama tu tungekuwa na njia ya kuzikusanya zote. Na hapo nimehesabu kutembea peke yake. Naitrojeni na oksijeni zina atomu mbilimbili, kwa hiyo zinazunguka pia, na mzunguko una nishati yake ya ziada.

Kwa nini nishati iwe sawa kwa nyepesi na nzito? Kwa sababu zinagongana bila kupumzika. Yenye nishati nyingi ikigongana na yenye chache, mara nyingi inampa mwenzake, na baada ya migongano mingi hakuna aina inayobaki na ziada. Lakini usawa wa nishati si usawa wa kasi. Lori la mizigo na bodaboda vikiwa na nishati mwendo sawa, bodaboda ndiyo inayokimbia. Vivyo hivyo, molekuli nyepesi lazima ikimbie zaidi ili nishati yake ilingane na ya nzito, na kwa kuwa kuna mraba, iliyo nyepesi mara nne hukimbia mara mbili.

Wa kwanza kuliandika jambo hili waziwazi alikuwa mwalimu aliyekaa ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi. John James Waterston, Mskoti, alikuwa Bombay akiwafundisha vijana wa jeshi la majini la Kampuni ya India ya Mashariki. Mwaka 1845 aliituma makala yake kwa Jumuiya ya Kifalme ya London, akieleza kwamba katika mchanganyiko wa gesi wastani wa mraba wa kasi unapungua kadiri uzito wa molekuli unavyoongezeka, hata nishati zikalingana. Mmoja wa waliopewa kuipitia aliiona ni upuuzi. Makala ikawekwa kabatini, naye hakuwa amebaki na nakala. Rudolf Clausius, Mjerumani, akaja kupata sifa mwaka 1857, kisha Maxwell. Waterston alifariki mwaka 1883. Miaka minane baadaye Bwana Rayleigh aliikuta ile makala katika hifadhi, na ikachapishwa mwaka 1892, ikiwa imechelewa karibu nusu karne. Kwa maoni yangu jina lake lilistahili kuwamo katika kila kitabu cha sekondari, walau katika mstari mmoja.

Ukiunganisha yote unapata fomula ambayo wanafunzi hukariri: v = √(3RT/M). R ni 8.314, T ni joto kwa Kelvini, na M ni uzito wa moli moja ya gesi kwa kilo. Oksijeni ina M ya 0.032. Katika Kelvini 303, 3 × 8.314 × 303 ni kama 7,557. Gawanya kwa 0.032 upate 236,000, na kipeuo chake ni mita 486 kwa sekunde.

Makosa mawili hurudi kila mwaka katika daftari. La kwanza ni kuandika M kwa gramu, 32 badala ya 0.032. Jibu linatoka mita 15 kwa sekunde, mwendo wa daladala barabarani. Kulitambua ni rahisi ukikumbuka kwamba sauti husafiri kwa migongano ya molekuli zenyewe, na haiwezi kuzitangulia. Katika hewa ya nyuzijoto 30 sauti huenda mita 349 kwa sekunde, karibu asilimia 68 ya ile 511. Jibu lolote la molekuli za hewa lililo chini ya kasi ya sauti ni jibu baya, hata kama kikokotoo kimelitoa kwa desimali nane.

Kosa la pili hujificha zaidi, nalo ni kutumia Selsiasi. Mtu anaona joto limetoka nyuzi 20 hadi 40 na anasema nishati imeongezeka maradufu. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, si mahali molekuli zinapotulia. Kwa Kelvini tumetoka 293 hadi 313, kwa hiyo nishati imepanda kwa asilimia 7 tu, na kasi, kwa sababu ya kipeuo, kwa asilimia 3 na kidogo. Asubuhi ya baridi Lushoto na mchana wa jua kali Tanga hazitofautiani sana machoni pa molekuli.

Na hesabu ya mgandamizo tuliyoianza nayo ina mpaka wake. Inadai molekuli ziwe mbali kiasi kwamba hazivutani. Katika hewa tunayovuta dai hilo linatimia vizuri. Katika mtungi wa gesi ya kupikia halitimii, kwa sababu molekuli zimesongamana na kuvutana mpaka zimekuwa kimiminika, na ukitumia njia ya ukuta na mapigo humo utapata namba isiyo na maana.

Mwaka 1858 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi, Buys Ballot, aliuliza swali ambalo msomaji huenda tayari analo. Kama molekuli zinakwenda mamia ya mita kwa sekunde, mbona harufu ya udi uliofukizwa, au kwake yeye moshi na gesi za chumbani, inachukua dakika kufika upande wa pili? Clausius alimjibu kwamba molekuli haifiki mbali kabla ya kugongana na nyingine. Leo tunajua kwamba katika hewa ya kawaida umbali kati ya mgongano na mgongano ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na migongano ni bilioni kadhaa kwa sekunde. Molekuli ya udi ina mbio, ila inasukumwa huku na huku bila kupata njia. Zaidi ya hapo, harufu inayokufikia haraka mara nyingi imeletwa na mkondo wa hewa, si na molekuli zilizopenya zenyewe.

Sasa twende mahali ambapo njia ni nyeupe, tupu kabisa. Juu ya kilomita 500 hivi kutoka ardhini, hewa ni haba kiasi kwamba molekuli inayopanda inaweza isikutane na nyingine tena. Huko jua hupasha gesi mpaka kama Kelvini 1,000, ikipanda na kushuka kufuatana na hali ya jua. Kinachoweza kuirudisha ni mvutano wa dunia peke yake, na ili kuushinda kutoka urefu huo kitu kinahitaji kasi ya kilomita 10.8 hivi kwa sekunde. Nani anaweza?

Fomula yetu inajibu. Katika Kelvini 1,000 atomu ya oksijeni, maana huko mwanga wa jua umezivunja molekuli kuwa atomu, ina kasi ya kilomita 1.25 kwa sekunde. Heli ina 2.5. Atomu ya hidrojeni ina karibu 5. Hakuna hata moja inayofika 10.8, na kama kila atomu ingekuwa na kasi ya wastani, dunia isingepoteza gesi yoyote milele. Lakini zile chache zenye mbio kupita kiasi, zile za Maxwell, ndizo zinazotoroka. Kwa hidrojeni, atomu mbili au tatu katika kila elfu zina kasi ya kutosha wakati wowote. Kwa heli ni chache tu katika kila trilioni. Kwa oksijeni idadi ni ndogo kiasi kwamba umri wote wa dunia hautoshi kuipunguza. Kanuni ya makisio inayotumiwa ni kwamba sayari huihifadhi gesi kwa mabilioni ya miaka ikiwa kasi ya kutoroka ni zaidi ya mara sita ya kipeuo cha wastani wa miraba. Oksijeni iko karibu mara tisa. Heli iko mara nne na kitu.

Hiyo ni sababu mojawapo kubwa kwamba katika kila molekuli milioni moja za hewa kuna atomu tano tu za heli, ingawa miamba ya dunia imekuwa ikiitengeneza tangu mwanzo, urani na thori zinapooza polepole. Anayeitaka heli kwa wingi haendi kuichuja hewani, anaitafuta ardhini kabla haijapanda. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba katika eneo la Rukwa kusini-magharibi mwa Tanzania kuna gesi yenye heli nyingi. Miamba ya kale ya eneo hilo iliikusanya kwa muda mrefu sana, na joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungua, ikapanda ikiwa pamoja na naitrojeni, nyingine ikitokea kwenye chemchemi. Ikishatoka kwenye chemchemi inachanganyika na naitrojeni na oksijeni za hewa, joto moja, nishati moja, lakini heli ikienda mita 1,375 kwa sekunde dhidi ya 511 za jirani zake.

Wepesi huo ndio unaoleta taabu kwa wanaoichimba. Atomu ya heli ni ndogo na ina kasi, kwa hiyo hupenya nyufa na vinyweleo vya mwamba ambavyo gesi nyingine haivipiti kwa urahisi, na tabaka linaloweza kuifungia chini lazima liwe zito kuliko linalohitajika kwa gesi asilia ya Mtwara au Songo Songo.

Ukikokotoa kwa fomula hii peke yake, heli inayotoroka angani ni kidogo kuliko inayotoka miambani, na kwa hesabu hiyo hewa yetu ingepaswa kuwa na heli nyingi zaidi. Pengo hilo linajazwa na njia isiyotokana na joto: heli iliyopoteza elektroni inakuwa na chaji ya umeme, na karibu na ncha za dunia, ambako mistari ya usumaku imeelekea nje, inafuata mistari hiyo na kuondoka bila kusubiri ifike kilomita 10.8 kwa sekunde kwa bahati ya migongano.